Kivuli cha Raskazone

Mwaka 2004 nilikuwa kijana wa kompyuta katika studio ndogo mjini Tanga. Tulikuwa na Photoshop 7 na kipanya chenye mpira ndani, ambacho kikijaa uchafu kilikuwa kinarukaruka. Jumatatu moja akaja mama wa bibi harusi na picha iliyopigwa ufukweni Raskazone, jua likielekea kuzama. Maharusi wamesimama karibu na katikati, na upande wa kulia kuna kundi la watu kama kumi na wawili waliokuja kushangaa.

"Hawa siwajui, mwanangu. Watoe."

Kuikata picha upande ule isingefaa. Aliitaka kwenye fremu ya inchi 8 kwa 12, na ukikata, bwana harusi anabaki kajibanza pembeni. Kwa hiyo nikabonyeza herufi L, ikaja Lasso Tool, ile ambayo sisi studioni tuliiita kamba. Unashikilia kitufe cha kipanya na kuchora kwa mkono kuzunguka unachotaka, halafu unaachia. Ole wako uachie mapema: kamba hujifunga yenyewe kwa mstari ulionyooka kutoka pale ulipofika hadi ulipoanzia, ikikata vichwa na mabega. Nilikwishazoea. Sehemu iliyosahaulika niliiongeza kwa kushika Shift, na iliyozidi niliipunguza kwa Alt.

Fundi wangu alinifundisha kuchora kwa kubana, kamba ipite juu ya nywele zenyewe. Alikuwa na sababu. Wakati ule ukibonyeza Delete lilibaki shimo jeupe, na shimo hilo ulilijaza mwenyewe. Kadiri lilivyokuwa dogo, ndivyo ulivyopumzika mapema.

Sikubonyeza Delete. Nilikamata ndani ya mchoro wa kamba, nikaanza kuusogeza kushoto, ndipo nikashika Shift usipande wala kushuka, hadi ukakaa juu ya bahari tupu na mchanga mtupu. Ukitangulia kushika Shift, Photoshop hudhani unaongeza eneo jingine. Kisha Ctrl+J, nikapata kipande cha bahari chenye umbo la lile kundi, nikakirudisha kulia kuwafunika. Mstari wa upeo wa bahari uliungana vizuri. Tatizo lilikuwa mwanga, maana upande wa kushoto ulikuwa umefifia kidogo, na mchana kutwa nilikuwa nikipaka na kufuta kingo. Mama akafurahi, akaondoka na fremu yake.

Mwaka 2013 alirudi. Mvua ilipenya darini na fremu ikaoza. Faili la awali nilikuwa nalo kwenye diski, na sasa nilikuwa na studio yangu na CS5, toleo la 2010 lililokuja na Content-Aware. Nikabana kamba kama nilivyofundishwa, nikabonyeza Shift+F5, nikachagua Content-Aware, nikakubali.

Watu walitoweka, lakini mahali pao palibaki ukungu mweusi wenye umbo la vichwa, na baharini kukaelea kipande cha shela.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ustadi wangu ndio ulioniponza. Programu hujaza shimo kwa kuokota vijipande kutoka sehemu nyingine za picha vinavyoweza kuungana na kingo za shimo. Nilipobana kamba, ule utepe mwembamba wa nywele na nguo ulibaki nje, na programu ikauchukua kuwa ndio mandhari inayotakiwa kuendelezwa. Kwa hiyo safari hii nilichora kwa mbali, nikiacha nafasi ya mchanga na maji kuwazunguka watu wote. Mkono ulikataa kabisa mwanzoni. Kila nikifika kichwani ulitaka kuingia ndani.

Shela nayo ilitoka kwa bibi harusi, maana programu haijui nani hapaswi kuokotwa. Dawa yake ilikuwa kulizungushia kundi pamoja na bahari na mchanga wa jirani, bila maharusi, kisha Ctrl+J. Kwenye leya hiyo mpya hapakuwa na shela ya kuokota. Nikachora kamba humo, nikajaza. Mawimbi mawili yalifanana kama mapacha. Nikazungushia moja, nikajaza tena.

Mama akaja kutazama kwenye kioo. Akakaa kimya, kisha akaweka kidole mchangani, karibu na kiatu cha bwana harusi.

"Na huyu je?"

Kilikuwa kivuli kirefu cha mtu, kimelala kuelekea kwa maharusi, na mwenyewe hayupo.

"Hata ile ya kwanza alikuwepo," akasema. "Miaka tisa namwona ukutani. Niliona haya kukwambia."

Nikabonyeza L, nikakizungushia kamba kwa mbali.