Daftari Langu la Maneno ya Wagonjwa

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja mkoani Tanga. Mimi ni mtu wa Songea, Kiswahili nimekizungumza tangu utoto, na uuguzi nimeusoma kwa Kiingereza. Nilidhani nina lugha mbili za kutosha. Sikujua kwamba kazi ile ilihitaji ya tatu, ambayo haikuwa katika kitabu chochote nilichopewa.

Nilianza kuitambua kupitia mzee mmoja aliyekuja na maambukizi ya kifua. Tabibu alimwandikia kapsuli za amoksilini za miligramu 500, ameze moja kila zinapopita saa nane, kwa siku tano. Hizo ni tatu kwa siku, jumla 15. Nikamkabidhi dawa na kumwambia, “Baba, umeze moja kila saa nane.” Akaitikia, “Sawa, mwanangu.”

Siku ya sita alirudi, homa ingalipo. Alikuwa na pakiti mkononi, na ndani yake zimebaki kapsuli tano. Nikamuuliza kwa sauti ambayo leo naionea haya, “Baba, mbona hukumaliza dawa?” Akanitazama kama mtu aliyeonewa. “Sista, sikukosa hata siku moja. Saa nane mchana nameza. Usiku mjukuu wangu ananiamsha kwa simu, saa nane kamili, nameza tena.”

Hesabu ilikuwa wazi. Mara mbili kwa siku tano ni kapsuli kumi, na tano zilikuwa zimebaki. Mzee alitii neno langu kuliko wagonjwa wengi, hata usingizi aliukatiza. Kosa lilikuwa langu. Kichwani mwangu “saa nane” ilikuwa muda unaopita kati ya dozi na dozi. Kwake ilikuwa saa ya ukutani. Tabibu alimpima upya na kumpangia dawa upya, akapona. Lakini usiku ule nilinunua daftari la kurasa 96 na kuandika neno la kwanza: SAA.

Chini yake niliandika mambo manne, na mpaka leo kila neno nalipa manne hayo. Kwanza, sentensi nzima kama ilivyosemwa, kwa maana neno likiwa peke yake hudanganya. Pili, alichoelewa au alichomaanisha aliyesema. Tatu, swali au namna ya kusema inayoondoa utata. Nne, istilahi ya chuoni, ili niweze kujaza faili na kuongea na tabibu. Jina la mgonjwa siandiki kamwe, wala kijiji chake. Daftari linaweza kusahaulika kwenye daladala. Siri ya mgonjwa haipaswi kusafiri nalo.

Mahali pa tatu pa neno SAA pamefutwa mara nyingi. Nilijaribu “kila baada ya saa nane”. Bado wengine walielewa kwamba wasubiri saa nane ipite ndipo wameze. Nilijaribu “kila baada ya masaa nane”. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeikata “masaa” kwa wino mwekundu, lakini wagonjwa wengi hulisikia kuwa ni muda, si saa ya ukutani. Kisha nikajaribu “moja kutwa mara tatu”, maneno yanayoandikwa kwenye bahasha za dawa. Hayo huleweka, ila mama mmoja alinieleza kwamba kutwa ni mchana: alimeza zote tatu kabla jua halijazama, na usiku mzima akakaa bila dawa.

Mwishowe niliacha kutafuta neno, nikataja nyakati zenyewe: “Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku.” Kati ya kila moja na nyingine ni saa nane kamili. Baada ya hapo humwomba mgonjwa anirudishie: “Hebu nieleze, leo utameza lini?” Asiporudisha sawasawa, sijamaliza kazi yangu. Dawa ya kila saa kumi na mbili haina tabu hiyo, kwa sababu saa kumi na mbili ya asubuhi na ya jioni zimeachana kwa muda huohuo. Ukikosea maana, bado unafika. Ndiyo maana kosa langu lilikaa muda mrefu bila kuonekana.

Neno la pili ni KICHOMI. Chuoni nilikariri kwamba kichomi ni nimonia, basi. Katika daftari langu neno hilo lina sentensi tatu za watu watatu. Wa kwanza: “Nina kichomi, nikivuta pumzi panachoma ubavuni.” Wa pili alikuwa na maumivu chini ya chembe ya moyo, yanayomjia akiwa na njaa. Wa tatu alisema kichomi, lakini nilipomwomba anionyeshe, aliweka kiganja kizima katikati ya kifua na kusema panabana, huku jasho baridi likimtoka. Huyo hakuwa wa kusubiri foleni. Tabibu alimwona palepale na tukamtafutia usafiri wa kwenda hospitali. Kwa hiyo swali langu limekuwa: “Nionyeshe kwa mkono panapouma. Ukivuta pumzi ndani panazidi? Panachoma, au panabana?” Mkono wa mgonjwa husema mapema kuliko neno lake.

Neno la tatu ni DEGEDEGE, na hili lilinifundisha kuandika pia maneno yasiyosemwa. Tumefundishwa kumuuliza mama kama mtoto amepata degedege, kwa kuwa ni dalili ya hatari. Lakini wapo wanaoamini kwamba degedege ni jambo la mashetani na kwamba mtoto mwenye nayo akichomwa sindano atakufa. Mama mwenye hofu hiyo akiulizwa hujibu, “Hapana, alishtukashtuka tu.” Nikiandika “hapana” nimeandika alichosema, na mtoto amebaki hatarini. Siku hizi siulizi kwa jina la ugonjwa. Nauliza alichokiona: “Macho yaligeuka juu? Mikono na miguu ilikakamaa au kutikisika? Ulipomwita, alikusikia?” Akijibu ndiyo, namwita tabibu bila kubishana naye juu ya jina.

Daftari lina mipaka yake. Maana niliyoiandika Tanga si lazima iwe hivyo Songea, kwa hiyo kando ya kila neno naandika mahali nilipolisikia. Tena sentensi ya mgonjwa si jibu la ugonjwa. Inanionyesha tu swali linalofuata. Jioni nafunika safu ya tatu kwa karatasi na kujaribu kukumbuka maswali ya maneno matatu, si zaidi. Swali nisilolikumbuka kwenye meza ya chai sitalikumbuka mbele ya mtoto anayetetemeka.

Mwaka jana frateri mmoja aliyekuwa parokiani kwetu kwa mazoezi ya kichungaji, na aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa majumbani, aliniomba alipige picha daftari langu lote. Nilimpa ukurasa mmoja tu, wa neno SAA, aone jinsi nilivyofutafuta. Mengine nilimwambia ayatafute mwenyewe, kwa sababu maswali yake mbele ya mgonjwa si maswali yangu. Wiki mbili baadaye alinionyesha neno lake la kwanza: NAFUU. Bibi mmoja alikuwa akimwambia kila Jumapili, “Nina nafuu, mwanangu,” naye akaandika kwamba bibi anaendelea vizuri. Siku alipouliza, “Bibi, jana ulikula nini?” ndipo alipojua kwamba bibi hakuwa amekula tangu Ijumaa.