Nusu Saa Mbili za Yaya

Yaya wangu alirudi kazini mtoto akiwa na wiki 8. Ni karani katika ghala moja la dawa hapa Lubumbashi, na tunakaa Ruashi. Hutoka nyumbani saa 1 asubuhi, huanza kazi saa 2, hupumzika saa nzima adhuhuri, hutoka saa 11 jioni. Basi likienda vizuri, anaingia nyumbani karibu saa 12. Wiki ya kwanza alirudi kila siku na blauzi iliyolowa na matiti magumu kama mawe. Siku ya Ijumaa alikuwa na homa.

Akaniambia, "Wewe unasoma Kiswahili chuoni. Niandikie barua kwa shefu, kisha tutaigeuza Kifaransa."

Niliandika kama tulivyofundishwa: anwani, kichwa cha barua, salamu za heshima. Kichwa kilisema, "Kuomba ruhusa kwa sababu za kifamilia". Niliona haya kumwandikia mwanamume neno kunyonyesha. Kisha nikajaza ukurasa mzima wa huruma: njia ndefu, mtoto analia, mama yetu mgonjwa. Yaya alisoma akacheka. "Shefu akisoma hii atanipa pole, halafu atanirudisha kwenye ghala."

Tatizo lilikuwa neno ruhusa. Anayeombwa ruhusa anaweza kukataa. Lakini Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na muda huo unalipwa kama kazi. Kwa hiyo yaya hakuhitaji kuomba kama apewe. Alihitaji kuomba ipangwe lini, maana kutoka ghalani hadi Ruashi ni zaidi ya nusu saa, kwenda tu. Aliyeiandika sheria hiyo labda alimwona mama anayeishi jirani na kiwanda.

Mimi nikaona dawa ni rahisi: tuziunganishe nusu saa zote mbili, tuongeze nusu saa ya chakula, atoke saa 9 na nusu. Yaya akakataa. Alihesabu kwa vidole: kutoka saa 1 asubuhi hadi kufika nyumbani ni zaidi ya saa 9 bila titi kutolewa maziwa. Titi likikaa limejaa muda mrefu, mwili unaelewa kwamba maziwa hayatakiwi na unapunguza kutengeneza. Kabla ya hapo huja uvimbe, sehemu nyekundu yenye moto, kisha homa ile ya Ijumaa. Hilo sikulijua, na hakuna kitabu cha barua rasmi kingeniambia.

Basi tukagawa. Nusu saa moja saa 4 na nusu asubuhi, akamue maziwa katika chumba chenye mlango unaofungwa. Adhuhuri ale kwa nusu saa, na hapo akamue tena kidogo akiweza. Nusu saa ya pili ya sheria na nusu saa aliyoikata kwenye chakula ziende mwisho wa siku, atoke saa 10. Ghala la dawa lina friji, lakini yaya hakutaka maziwa yake yakae pamoja na chanjo, akanunua kisanduku cha barafu. Maziwa yakiachwa tu katika joto la chumba, baada ya saa 4 si ya kumpa mtoto.

Barua ya pili ilikuwa na aya tatu fupi. Kichwa: "Kupanga saa za kunyonyesha". Ilitaja sheria kwa sentensi moja, ikaeleza ratiba, ikasema nani atapokea mizigo baada ya saa 10 (mwenzake alikubali kabla), na ikaweka mwisho: hadi mtoto atimize miezi 6, ndipo wazungumze upya. Mama yetu mgonjwa nilimtoa. Yaya alipeleka nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa, akarudi nayo.

Shefu alimwita siku ya tatu. Hakubishana juu ya sheria. Aliuliza tu, "Na siku za kuhesabu mali, mwisho wa mwezi?" Yaya akajibu kwamba siku hizo mbili atabaki hadi saa 11, bora nusu saa ya asubuhi isiguswe. Mimi ningekataa, haki ni haki. Lakini si mimi niliyekuwa nimesimama mbele ya meza ile.

Shefu akasema, "Sawa, mama, fanya hivyo." Yaya hakuondoka. Akamsogezea ile nakala yenye muhuri, akasema, "Shefu, tafadhali niandikie hapa chini." Aliandika kwa kalamu nyekundu: nimekubali, isipokuwa siku 2 za mwisho wa mwezi. Akatia sahihi.

Chumba chenyewe ni stoo ya makaratasi, na ufunguo wake unashikwa na mlinzi. Kila saa 4 na nusu yaya humwendea kuuomba.