Jibu Linalojihukumu Lenyewe

Mpwa wangu yuko Kidato cha Pili, na shuleni kwao majibu ya zoezi la aljebra hubaki mezani kwa mwalimu. Akimaliza maswali ishirini ya kutafuta vigawo, husubiri wiki nzima apate kujua kama amepatia. Nimemwambia kwamba hana sababu ya kusubiri: anayejua kufungua mabano anao uwezo wa kusahihisha karatasi yake mwenyewe.

Tuchukue swali moja: 6x² + x − 12. Tunazidisha namba ya mwanzo na ya mwisho, tunapata −72. Kisha tunatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −72 na jumla yake ni 1, yaani ile namba iliyo mbele ya x. Namba hizo ni 9 na −8. Kwa hiyo x ya katikati tunaigawa na kuandika 6x² + 9x − 8x − 12. Jozi ya kwanza inatoa 3x(2x + 3), ya pili inatoa −4(2x + 3). Jibu ni (2x + 3)(3x − 4).

Sasa tulihakiki. Tukifungua mabano tunapata 6x² − 8x + 9x − 12, yaani 6x² + x − 12. Tumerudi tulikotoka.

Wanafunzi wengi hukagua mwanzo na mwisho tu, kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi. Hapo ndipo wanapoponzwa. Mwenye kuandika (2x − 3)(3x + 4) atapata 6x² na −12 sawasawa, akaridhika. Lakini katikati ana 8x − 9x, yaani −x. Kosa la alama hujificha katikati, nako huonekana tu kwa yule aliyeandika mazao yote manne kabla ya kuyajumlisha.

Hata hivyo, uhakiki huu una mpaka wake. Mpwa wangu aliniuliza: “Mjomba, mbona hili limerudi sawa, na mwalimu amelikatia alama?” Swali lilikuwa 4x² + 10x − 6, naye alijibu (2x + 6)(2x − 1). Ukifungua, inarudi ilivyokuwa. Lakini ndani ya 2x + 6 bado mna 2 iliyosahaulika. Jibu kamili ni 2(x + 3)(2x − 1). Kufungua mabano huthibitisha kwamba pande mbili ni sawa. Hakuthibitishi kwamba kazi imekwisha.

Kwa hiyo maswali ni mawili, nayo huulizwa kwa mfuatano. Je, mabano yakifunguliwa yanarudisha swali zima, katikati pamoja na kingo? Na je, ndani ya bano lolote imesalia namba inayogawa vipande vyote? Mtoto aliyejibu yote mawili anaweza kuweka alama ya vema kwa mkono wake, akaendelea na swali linalofuata.