Asilimia Tano Iliyokatwa Ni ya Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nililipwa shilingi 200,000 kwa kazi ya kuhariri ripoti ya utafiti. Pesa zilizoingia benki zilikuwa 190,000. Nilipouliza, mhasibu aliyenilipa alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea swali hilo: "Hiyo elfu kumi ni ushuru, Daktari. Tumeshakukata." Nikaridhika. Nilidhani nimemalizana na serikali, nikala pesa zangu kwa amani, na ilipofika Juni nikajaza ritani kwa kuinakili fomu ya P9 ya mwajiri wangu, basi.

Nina shahada ya uzamifu, na nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi nikafundisha juu ya mkataba kati ya dola na raia. Hata hivyo sikujua maana ya neno moja katika sentensi ya yule mhasibu: "tumeshakukata". Nililisikia kana kwamba amesema "umeshalipa". Tofauti ya maneno hayo mawili ilinigharimu baadaye, pale ilipobainika kwamba chini ya PIN yangu kulikuwa na cheti cha ushuru wa zuio kwa mapato ambayo ritani yangu haikuyataja popote.

Sheria yetu ya Kenya humtaka anayemlipa mkaazi ada ya kitaalamu au ya ushauri inayofikia shilingi 24,000 kwa mwezi akate asilimia 5 na kuipeleka kwa mamlaka ya ushuru. Hayo ni makato ya awali, na hayamalizi deni. Kiasi halisi cha ushuru hujulikana mwaka ukiisha, mapato yote ya mtu yakiwekwa pamoja. Mimi mshahara wangu ulikuwa umekwisha kujaza vile viwango vya chini, kwa hiyo zile 200,000 ziliangukia moja kwa moja kwenye kiwango cha asilimia 30. Ushuru wake ulikuwa 60,000. Nilikuwa nimekatwa 10,000. Nilidaiwa 50,000, na juu yake adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliopita. Riba hiyo haikuhesabiwa kuanzia Juni. Watu wengi hawajui kwamba ritani yenyewe ina hadi tarehe 30 Juni, lakini salio la ushuru wa mwaka hutakiwa kufikia tarehe 30 Aprili.

Nimeanza na aibu yangu ili nisionekane kumcheka mtu ninayetaka kumzungumzia. Ni binti niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mfasiri wa kujitegemea. Hana mwajiri. Mwaka jana alifanya kazi sita, kila moja ya shilingi 50,000, kwa mashirika manne tofauti. Kila mara alilipwa 47,500. Alinijia mwanzoni mwa Juni akiwa na daftari lake na swali ambalo mimi sikuwa na akili ya kuliuliza enzi zangu: "Daktari, hizi elfu kumi na tano walizonikata kwa mwaka mzima, ni za nani?"

Tukakaa tukapiga hesabu. Mapato yake yalikuwa 300,000. Neno hili nilimrudia mara tatu, kwa sababu alikuwa ameandika 285,000, yaani zile zilizofika benki. Ukitangaza kiasi kilichobaki baada ya makato, kisha ukadai makato yayo hayo, hesabu yako haitalingana na vyeti, kwa sababu cheti huonyesha jumla kabla ya makato. Pesa iliyokatwa ilikuwa mapato yako kabla haijawa ushuru wako. Huwezi kuidai na wakati huohuo kuikana.

Kutoka 300,000 tuliondoa gharama za kazi: intaneti, programu ya tafsiri, na matengenezo ya kompyuta. Jumla yake ilikuwa 24,000. Alikuwa na nyingine pia, lakini tulizitupa kwa kukosa ankara za eTIMS, maana siku hizi gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki. Zikabaki 276,000. Kiwango cha kwanza, cha asilimia 10, hufika hadi shilingi 288,000 kwa mwaka, kwa hiyo ushuru wake ulikuwa 27,600. Nafuu ya kibinafsi ambayo kila mkaazi hupewa ni 28,800 kwa mwaka. Nafuu ikaumeza ushuru wote. Hakudaiwa hata senti.

Yaani zile 15,000 zote zilikuwa zake.

Tazama basi jinsi asilimia 5 ileile inavyogeuka sura. Kwangu mimi mwenye mshahara ilikuwa kidogo mno, nikadaiwa zaidi. Kwake yeye asiye na mshahara ilikuwa nyingi mno, na ilhali mimi nilitafutwa na mfumo nilipe, yeye hakuna mtu ambaye angemtafuta kumwambia achukue chake. Mwenye haki ya kurudishiwa hana budi kuanza mwenyewe, na huanza kwa vyeti.

Cheti cha ushuru wa zuio hakiandikwi na anayekulipa kwenye karatasi yenye nembo yake. Hutolewa na mfumo wa iTax baada ya mlipaji kuingiza PIN yako, kiasi na makato, kisha akalipa hayo makato. Asipolipa, cheti hakizaliwi. Ndiyo maana barua ya mhasibu isemayo "tulikukata 2,500" si cheti, hata ikiwa na mhuri mkubwa namna gani. Binti yule alifungua akaunti yake, akaenda penye kutafuta na kuchapa upya vyeti, akapata vinne. Alikuwa amekatwa mara sita.

Cha tano tulikipata kwa kubahatisha. Shirika moja liliwahi kumwajiri kupitia kampuni ndogo ya rafiki yake kabla hajaanza kufanya kazi peke yake, na mhasibu aliendelea kutumia PIN ya kampuni ile iliyobaki kwenye kumbukumbu zake. Cheti kilikuwepo, ila kwa jina la mwingine. Hapo usidanganyike kukitumia kwa kuwa rafiki yako amekubali kukupa nakala. Cheti hufuata PIN, na ukiandika namba yake kwenye ritani yako haitalingana na kilicho kwenye mfumo. Mwenye kosa, yaani mlipaji, ndiye anayepaswa kulirekebisha. Ilimchukua binti wiki mbili na simu nyingi.

Cha sita hakikuwepo kabisa. Shirika lililomkata Novemba halikuwa limepeleka pesa. Sitalitaja, na wala sidhani kwamba ni la pekee.

Hapa ndipo penye jambo linalonikera kama raia kuliko ninavyokereka kama mlipa ushuru. Sheria ya Ushuru wa Mapato, kifungu cha 39, inasema kiasi kilichokatwa huhesabiwa kuwa kimelipwa na yule aliyekatwa, na kipunguzwe kutoka ushuru wake. Kwa maneno ya sheria, siku shirika lilipozuia 2,500 za binti huyu, yeye alikuwa amelipa. Lakini katika utendaji, asiye na cheti hana cha kuonyesha. Kosa la aliyekabidhiwa pesa humwangukia aliyenyang'anywa. Mdomoni mwa sheria ameshalipa, na machoni mwa kompyuta hajalipa.

Akaniuliza kama haingekuwa rahisi kutangaza zile kazi tano tu zenye vyeti, na hiyo ya sita aiache. Nikamwambia hapana, na si kwa sababu ya uadilifu peke yake. Shirika lile litaandika malipo yake kama gharama katika hesabu zake lenyewe, likiwa na PIN yake, hata kama limekalia makato. Tena, siku likizinduka na kupeleka zile 2,500, cheti kitatokea kwenye akaunti yake kikishuhudia mapato aliyoyaficha. Tulikubaliana kwamba mapato yatangazwe yote, 300,000 kamili, na makato yadaiwe kwa kadiri ya vyeti vilivyo mkononi.

Kujaza kwenyewe hakuna mengi. Katika fomu ya mtu binafsi, mapato ya kujitegemea huingia kwenye sehemu ya biashara pamoja na gharama zake, kisha kuna jedwali la ushuru uliozuiliwa ambapo kila cheti hupewa mstari wake: PIN ya mlipaji, namba ya cheti, jumla na makato. Watu wengi hujaza ile sehemu ya kwanza, wakalisahau jedwali, wakashangaa kuona wanadaiwa. Wengine hujaza jedwali bila kutangaza mapato, na hilo ni baya zaidi. Namna ya kugundua kosa ni kutazama ukurasa wa mwisho wa hesabu kabla ya kutuma. Kwake yeye ulitakiwa uonyeshe ushuru sufuri na ziada ya 12,500, yaani vyeti vitano. Mara ya kwanza ulionyesha 10,000, tukarudi nyuma tukakuta mstari mmoja umeachwa.

Ziada hiyo haiji yenyewe. Baada ya kutuma ritani ni lazima kuomba kurejeshewa kupitia iTax, na una miaka mitano ya kufanya hivyo. Mamlaka inaweza kutaka kuona mikataba, ankara na taarifa za benki, hivyo tukaziweka zote katika folda moja, kila malipo ya 47,500 yakiwa kando ya ankara yake ya 50,000.

Shirika la Novemba aliliandikia barua, si kwa mhasibu tena bali kwa mkurugenzi, akitaja tarehe ya malipo, kiasi kilichozuiliwa na kwamba hakuna cheti kwa PIN yake. Nilimshauri asitumie neno "wizi", ingawa alilitamani sana. Mkurugenzi hakujibu. Ila katikati ya Agosti binti alinipigia simu saa mbili usiku: cheti cha sita kimeingia kwenye barua pepe yake, bila salamu wala maelezo.

Ritani ilikuwa imeshatumwa tangu Juni. Akaifungua upya, akaituma iliyorekebishwa ikiwa na mstari wa sita, na ziada ikapanda hadi 15,000. Ninapoandika haya maombi yake bado yanashughulikiwa, na kila Jumatatu asubuhi huingia kwenye akaunti kutazama yamefika wapi.