Zamu ya Nani?

Kuna kitu kwenye sataranji ambacho hakifanani na vita vingine: wakati mwingine anayelazimika kutembea ndiye anayeumia. Ukiruhusiwa kukaa kimya, umeshinda. Ukiambiwa "haya, cheza," umeshapoteza. Sijaona mahali hili linapoonekana wazi kama pale ubao unapobaki na wafalme wawili na askari mmoja tu.

Mechi ninayoifikiria ilikuwa ya timu, raundi ya mwisho, na meza yangu ndiyo pekee iliyobaki inachezwa. Nusu pointi ingetubakiza ligini. Mimi nilikuwa na nyeusi, nyuma kwa askari mmoja. Mpinzani alikuwa na askofu, mimi farasi aliyekaa e6, mfalme wangu akimlinda kutoka f7. Mfalme wake alikuwa e4, askari wake e3. Akaona njia rahisi: askofu akamla farasi, mfalme wangu akamla askofu. Wenzangu waliosimama nyuma yangu wakashusha pumzi. Askari mmoja mbele, kazi imekwisha, au siyo?

Siyo. Tazama wafalme: mmoja e4, mwingine e6, mraba mmoja katikati. Sheria hairuhusu wafalme kugusana, kwa hiyo kila mmoja anamzibia mwenzake miraba mitatu iliyo mbele yake. Huu ndio mkabala, na anaumiliki yule ambaye si zamu yake. Zamu ilikuwa ya nyeupe.

Geuza jambo hilo moja tu, iwe zamu yangu, na nimekufa. Lazima nisogee pembeni, tuseme d6. Yeye anapita upande wa pili, f5. Nikirudi e7, anasimama e5, tunakabiliana tena na zamu ni yangu tena. Nikienda d7, anaingia f6. Hatua kwa hatua mfalme wake anamtangulia askari, na mfalme aliyefika safu ya sita mbele ya askari wake hazuiliki tena, zamu iwe ya nani. Ila tu askari asiwe wa ukingoni, safu ya a au h. Huyo hazai malkia kama mfalme mweusi amewahi kona.

Lakini zamu ilikuwa yake. Akaenda d4, nami nikamfuata d6, uso kwa uso. Hana pa kupenya, basi akasukuma askari: e4. Mimi e6. Akasukuma tena, e5, nikarudi e7. Yeye d5, mimi d7. Askari akaja e6 na cheki, nikarudi e7. Mfalme wake akaja e5 kumlinda askari.

Hapo ndipo roho ilipo. Nina miraba mitatu: d8, e8, f8. Kwa macho yote yanafanana. Nikienda d8, yeye anaingia d6, mkabala ni wake. Nalazimika e8, askari anafika e7 bila cheki, naondoka f7, mfalme wake anashika d7, malkia anazaliwa. Nikienda f8, ni hadithi ileile upande wa pili. Nikarudi moja kwa moja nyuma, e8, nikisubiri achague upande ili nimkabili. Akachagua d6, nikaja d8. Askari akafika e7 na cheki, nikaingia e8. Sasa amsimamie e6 asiliwe: mfalme wangu hashambuliwi, lakini hana pa kwenda. Sare.

Kuna alama unayoweza kuishika: askari akiingia safu ya saba kwa cheki, mara nyingi ni sare, akiingia kimyakimya, andaa mkono wa pongezi.

Na bwana yule angefanyaje? Angehesabu kabla ya kula farasi. Kama askari wake angekuwa bado e2, angemsogeza e3 na kunirudishia zamu. Hatua moja iliyowekwa akiba ingekuwa ushindi. Ndiyo maana wajuzi hutanguliza mfalme na kumwacha askari nyuma.

Msanii Marcel Duchamp, pamoja na Vitaly Halberstadt, walichapisha mwaka 1932 kitabu kizima juu ya mkabala. Watu hushangaa msanii mkubwa kujifungia na wafalme wawili. Mimi sishangai. Sisi wasomaji tumezoea kuuliza nani anasema na nani ananyamaza. Ubao huu unauliza swali dogo zaidi, na jibu lake lilitubakiza ligini.