Safu ya Maji

Dereva wa foklifti ndiye aliyenionyesha mahali. "Dogo, mashine inakufa hapa hapa," akaniambia, akigonga sakafu kwa buti mwishoni mwa safu ya saba. Skana yake ilionyesha waifai imejaa, lakini kila akisoma lebo ya godoro, kiduara kilizunguka tu.

Ghala lilikuwa kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na mimi nilikuwa nalipwa kwa siku ili nijikimu masomo ya uzamili. Paa lilikuwa na kimo cha mita 12, rafu za chuma mita 9. Aliyefunga mtandao awali alitundika visambazaji vinane vya waifai darini, nguvu zote zikiwa juu kabisa. Kwenye ramani ya ghala tupu mpango huo unapendeza. Huko juu, hata hivyo, hakuna kizuizi, kwa hiyo visambazaji vinasikiana vyenyewe kwa vyenyewe na kupokezana zamu ya kusema, ilhali mtu aliye chini kati ya kuta mbili za chuma anapata makombo.

Nilipima kwa skana ileile wanayotumia, nikiishika usawa wa kifua, kwa sababu kompyuta ya mkononi ina antena nzuri zaidi na ingenidanganya. Safu ya karatasi za chooni ilinipa -61 dBm. Safu ya saba, umbali uleule kutoka kwenye kisambazaji, ilinipa -78. Tofauti hiyo ya desibeli 17 maana yake ni nguvu pungufu mara 50 hivi. Safu ya saba ilijaa katoni za maji ya kunywa. Chuma hurudisha mawimbi, yakaweza kupenya kwa kuzunguka, maji huyameza. Ndiyo maana sikukubali kupima Jumapili ambapo shehena ilikuwa imetoka. Ghala tupu ni jengo jingine.

Kwa hiyo nikafunga kisambazaji kimoja kwenye mlingoti wenye magurudumu, nikakiinua mita 5 kwenye mdomo wa safu, kikiwa na antena ya kuelekeza inayotazama ndani ya safu na kuinama kidogo. Nikatembea hadi mwisho. Haikushuka chini ya -65, na lengo letu lilikuwa -67. Safu za maji zikapewa kisambazaji chake kila moja. Zile za karatasi, kimoja kilitosha safu mbili. Vile vya darini tukavishusha.

Halafu suala la nguvu, ambalo wenye mali hulielewa kwa shida, maana kwao kupunguza ni hasara. Kisambazaji kilikuwa kinatoa 20 dBm, skana 14. Ni kama mnada wenye spika: unamsikia dalali vizuri, lakini wewe unamjibu kwa mdomo mtupu. Hapo ndipo skana inapoonyesha alama zote na bado haifanyi kazi. Unaitambua hali hiyo kwenye kidhibiti cha mtandao: pakiti zinazorudiwa kutoka upande wa skana ni nyingi mno. Tukashusha hadi 14.

Ilibaki kona. Anayeamua kuhama kutoka kisambazaji kimoja kwenda kingine ni skana, na skana nyingi ni king'ang'anizi. Foklifti ikienda mita 2 au 3 kwa sekunde, ikikata kona, rafu inaziba mawimbi ghafla kabla skana haijatafuta pengine pa kwenda. Mipangilio pekee haiponyi hilo. Tuliweka kisambazaji kwenye njia kuu inayokatiza safu, ili sauti yake iingie mita chache ndani ya kila safu na skana isikie vyote viwili kabla ya kugeuka. Baada ya hapo ndipo tukaiambia skana ianze kutafuta ikifika -70, na tukazima kasi za chini, 1, 2, 5.5, 6, 9 na 11, ya chini kabisa ikawa megabiti 12, isije ikaendelea kunong'ona na kisambazaji cha mbali.

802.11r, inayofupisha utambulisho wakati wa kuhama, tuliijaribu kwanza kwenye mtandao wa pembeni. Skana mpya zilihama bila kukatika. Tatu za zamani zilikataa hata kujiunga, kwa hiyo zikaachiwa mtandao wao usio na kitu hicho.

Dereva alizunguka safu ya saba mara kumi, akisoma lebo huku akikata kona. Mara ya kumi akaniuliza kama wakihamishia maji safu ya pili itakuwaje. Nikamwambia itabidi nirudi na mlingoti.