Chemsha-Bongo ya Siku ya Marudio

Ewe msomaji, ukipewa kazi ya kutunga chemsha-bongo kwa siku ya marudio, usianze na maswali; anza na saa. Ndivyo nilivyofanya Mraru, karibu na Voi, nilipotakiwa kuyashindanisha makundi 4 katika historia na jiografia ya Taita. Kila kundi lilipewa zamu ya sekunde 90, nami nilitaka kujua zamu hiyo hubeba maswali mangapi.

Nilisoma maswali kwa sauti huku nikitazama saa, nikaona kuwa hutamka maneno kama 2 kwa sekunde. Swali la maneno 12, basi, hula sekunde 6. Ongeza 5 za kujibu na 2 za hukumu, utapata 13. Zamu moja huchukua maswali 6, au 7 wajibuji wakiwa wepesi. Swali la maneno 30 hulinyang'anya kundi nafasi ya mwenzake, na kosa si la wajibuji.

Kisha niliyatunga maswali manne manne, yenye uzito mmoja, moja kwa kila kundi. Kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita ni kipi? Vuria. Mto Lumi huingia ziwa gani? Jipe. Mto Athi ukikutana na Tsavo huitwaje? Galana. La nne lilikuwa kuitaja nchi inayopakana na Taveta; nikalitupa, kwani nani huko asiyeijua Tanzania? Mahali pake niliuliza chemchemi za Mzima hupeleka maji mji gani, yaani Mombasa.

Jihadhari zaidi na swali lenye majibu mawili. "Reli ya Voi ilijengwa lini?" ni mfano mbaya. Mmoja atataja reli ya kutoka Mombasa, iliyojengwa miaka ya 1890; mwingine atataja reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017; wote wana haki, na saa inakimbia wakibishana. Uliza hivi: "Reli ya Voi hadi Taveta ilijengwa wakati wa vita gani?" Jibu ni moja tu: Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya siku yenyewe, mpe maswali yako mtu mbishi ayasome. Mbishi ni hazina.

Limebaki swali la nyongeza. Hutolewa kwa kundi lililopata majibu 3 mfululizo, na saa husimamishwa kwa sekunde 10. Moja nililolipenda lilihusu chombo cha usafiri walichonunua wanawake wa Mraru kwa fedha zao katika miaka ya 1970, ni basi. Wengine hulipa nyongeza alama 5. Hebu pima: kundi lenye majibu 6 bila nyongeza lina alama 6, na lenye majibu 3 na nyongeza moja lina 8! Nililipa alama 2, la pili likawa na 5. Kundi likishindwa, mengine matatu huandika jibu karatasini, kimya, na kila lenye jibu sahihi hupata alama 1.